Jinsi ya Kukamilisha Jedwali la Kundi Lenye Mapengo: Mwongozo Kamili, Kisanduku kwa Kisanduku

Jumamosi jioni huwa nakaa na wanafunzi wa hisabati huku Malimbe, Mwanza, kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Upepo ukianza tunaweka kokoto juu ya karatasi, na kokoto Mwanza hazijawahi kuadimika. Kwa wiki kadhaa mfululizo swali lililowashinda ni lile lile: unapewa jedwali la kundi lenye mapengo, unaambiwa ulikamilishe. Wanaanza vizuri, wanafika mahali wanakwama, halafu wanakisia. Jedwali linajaa, linapendeza macho, na ni kosa tupu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya pale wanapokwama. Tutachukua swali moja na kulijaza lote.

## Vitu vya kuwa navyo

Karatasi ya grafu au daftari la miraba, penseli na ufutio. Kalamu ya wino moja, kwa ajili ya vile tu ulivyopewa na swali. Karatasi ya pili ya pembeni, ambayo utaandikia mistari ya mabano. Wengi huiona karatasi hii ya pili kama anasa. Usiiache, nitaeleza sababu.

Kuhusu lugha: nikiandika xy namaanisha kisanduku kilichopo kwenye mlalo wa x na wima wa y. Mlalo kwanza, wima baadaye, siku zote. Hivyo ac na ca ni visanduku viwili tofauti, na katika swali letu vina majibu tofauti.

## Sheria mbili, na ni ipi yenye nguvu

Sheria ya mraba wa Kilatini. Katika kila mlalo na kila wima, kila memba wa kundi anaonekana mara moja tu. Sababu yake ni kinyume: kama ax = ay, zidisha pande zote kwa kinyume cha a upande wa kushoto, unabaki na x = y. Kwa hiyo mlalo wa a hauwezi kurudia jibu. Wima nao ni hivyo hivyo, ila unazidisha upande wa kulia.

Kanuni ya mabano, ile mnayoisikia darasani kwa jina la asosietiviti: (xy)z = x(yz), kwa memba wowote watatu.

Kosa kubwa ninaloliona ni kudhani kwamba sheria ya kwanza inatosha. Haitoshi hata kidogo. Ukipanga memba sita na kukubali tayari mlalo na wima wa e, yule memba asiyebadilisha kitu, kuna miraba ya Kilatini 9,408 unayoweza kuandika. Iliyo majedwali ya kundi ni 80 tu. Anayejaza kwa kuangalia marudio peke yake anacheza bahati nasibu.

Mraba wa Kilatini unajaza visanduku vingi kwa haraka, lakini kanuni ya mabano ndiyo inayoleta taarifa mpya. Kwa hiyo kazi nzima ni kupokezana: mabano yanafungua kisanduku kimoja, mraba unakusanya viwili vitatu vinavyofuata, unakwama, unarudi kwenye mabano.

## Swali letu

Kundi lina memba sita: e, a, b, c, d, f. Memba e ni yule asiyebadilisha kitu, yaani ex = xe = x. Tunapewa aa = b, ac = d, ca = f na cc = e. Kamilisha jedwali.

## Hatua ya 1: Jaza mlalo na wima wa e

Hapa hakuna cha kufikiria: mlalo wa e unarudia kichwa cha jedwali, na wima wa e unarudia ubavu wake. Andika kwa wino pamoja na vile vinne ulivyopewa.

```
    e a b c d f
e | e a b c d f
a | a b . d . .
b | b . . . . .
c | c f . e . .
d | d . . . . .
f | f . . . . .
```

Kama swali limeficha e, tafuta kwenye mshazari (kutoka juu kushoto hadi chini kulia) kisanduku ambacho xx = x. Huyo x ndiye e, kwa sababu ukizidisha pande zote kwa kinyume cha x unabaki na x = e. Katika kundi hakuna memba mwingine wa namna hiyo.

Hesabu mapengo kabla hujaendelea. Visanduku 36, toa 11 vya e, toa 4 vya swali: vimebaki 21. Ukipata idadi nyingine, umenakili vibaya.

## Hatua ya 2: Jaribu mraba peke yake hadi ukwame

Chukua mlalo wa a. Umebakiwa na e, c, f kwa visanduku ab, ad na af. Wima wa f tayari una f pale juu, hivyo af ni e au c. Vile viwili vingine bado vinakubali yeyote kati ya watatu.

Mlalo wa c umebakiwa na a, b, d. Kisanduku cb hakiwezi kuwa b, cd hakiwezi kuwa d. Zaidi ya hapo, kimya. Jaribu na wima wa a na wa c, utakuta hali ile ile: hakuna kisanduku chenye jibu moja, wala memba mwenye nafasi moja.

Kwa hiyo tumekwama kabla ya kujaza hata kimoja, na ni sawa kabisa. Hapa ndipo vijana wangu huanza kukuna kichwa na kuandika "labda". Mraba haujashindwa kwa sababu wewe ni mzito. Umeishiwa taarifa.

Onyo. Usijaze kisanduku kwa kioo, yaani kuona ac = d ukaandika ca = d. Hiyo ni haki ya makundi yanayobadilishana nafasi tu, na swali limeshakwambia kundi hili si la aina hiyo: ac = d, ca = f.

## Hatua ya 3: Anza mabano pale penye e

Tafuta kwenye jedwali kisanduku chenye jibu e. Hiki ni dhahabu, kwa sababu e inapotokea ndani ya mabano, inayeyuka. Tunacho kimoja: cc = e. Kina maana kwamba ukizidisha kwa c mara mbili, unarudi ulipotoka.

Zidisha upande wa kushoto. Tunajua ca = f. Basi:

c(ca) = (cc)a = ea = a

Upande wa kushoto, c(ca) ni cf. Kwa hiyo cf = a.

Sasa upande wa kulia. Tunajua ac = d. Basi (ac)c = a(cc) = ae = a, na (ac)c ni dc. Kwa hiyo dc = a.

Andika mistari hii miwili kwenye karatasi ya pembeni, na kwenye jedwali weka nukta ndogo ya penseli pembeni mwa kila herufi iliyotoka kwenye mabano. Sababu ni hii: ukikuta mgongano baadaye, utahitaji kujua herufi gani ilitoka wapi. Bila karatasi hiyo utafuta jedwali zima. Nimemwona kijana akifuta hadi karatasi ikatoboka.

Sasa rudi kwenye mraba. Mlalo wa c umebaki na b na d kwa cb na cd. Kisanduku cb hakiwezi kuwa b, kwani wima wa b una b juu. Kwa hiyo cb = d, na cd = b.

Wima wa c una c, d, e, a. Umebaki na b na f kwa bc na fc. Mlalo wa b tayari una b kwenye wima wa e, hivyo bc = f na fc = b.

Mistari miwili ya mabano, visanduku sita:

```
    e a b c d f
e | e a b c d f
a | a b . d . .
b | b . . f . .
c | c f d e b a
d | d . . a . .
f | f . . b . .
```

Dalili ya mafanikio: mlalo wa c na wima wa c vimejaa, na mapengo yamebaki 15. Ukitaka kujihakikishia, pima fc kwa mabano: f ni ca, hivyo fc = (ca)c = c(ac) = cd = b. Imekubaliana na jibu lililotoka kwenye mraba.

## Hatua ya 4: Tafuta vitatu kati ya vinne

Visanduku vyenye e vikiisha, unahitaji njia pana zaidi ya kuchagua memba wa kuweka kwenye mabano. Hapa ndipo wengi huandika mistari kumi isiyofika popote.

Angalia muundo wa (xy)z = x(yz). Ndani yake mna visanduku vinne: xy, kisha yz, halafu kile cha nje cha kushoto na kile cha nje cha kulia. Ukivijua vitatu, cha nne unakipata bure. Ukivijua viwili tu, acha, tafuta memba watatu wengine. Huo ndio uchaguzi wote.

Njia rahisi ya kuwapata: chukua kisanduku unachokitaka, kisha vunja mmoja wa memba wake kuwa zao unalolijua. Tunataka ad. Herufi d tunaijua kama ac. Basi:

ad = a(ac) = (aa)c = bc = f

Tulijua ac, tulijua aa, tulijua bc. Vitatu. Kwa hiyo ad = f.

Kama ungevunja d kwa namna nyingine, kwa mfano d = cb, ungepata ad = a(cb) = (ac)b = db, na db hatukijui. Mstari huo si kosa. Umekwambia kwamba ad na db ni sawa, na hilo ni jambo la kuandika pembeni, kwa sababu ukishapata kimoja umepata na kingine. Sasa tumepata ad = f, kwa hiyo db = f tungeweza kukiandika hivi sasa. Mimi nitakiacha mraba ulete wenyewe baadaye, ili tuone kama majibu yatakutana.

## Hatua ya 5: Njia panda, mahali ambapo majedwali huharibika

Mlalo wa a sasa una a, b, d, f. Umebaki na e na c kwa ab na af. Ama ab = e na af = c, ama ab = c na af = e. Mraba hauna neno: wima wa b na wima wa f vinakubali hali zote mbili.

Hapa ndipo mwanafunzi anapochukua moja na kusonga mbele, akiamini kwamba akikosea atagongana na marudio mahali fulani. Hatagongana. Binti mmoja wa kikundi chetu alichagua ab = c akaendelea hadi mwisho bila kurudia herufi hata moja. Hili hapa jedwali lake:

```
    e a b c d f
e | e a b c d f
a | a b c d f e
b | b c a f e d
c | c f d e b a
d | d e f a c b
f | f d e b a c
```

Likague. Kila mlalo una memba sita, kila wima una memba sita, vile vinne vya swali vimo, na e inafanya kazi yake. Ni mraba wa Kilatini usio na doa. Ila si kundi: (ab)a = ca = f, wakati a(ba) = ac = d.

Basi tunaamuaje pale njia panda? Kwa kujaribu kila chaguo kwenye mabano, siyo kwenye mraba. Chukulia ab = c. Herufi b ni aa, kwa hiyo c itakuwa a(aa), yaani a mara tatu. Lakini memba aliyeundwa kwa a tupu lazima akubaliane na a pande zote:

ca = (a·a·a)a = a(a·a·a) = ac

Swali limesema ca = f na ac = d. Mgongano. Chaguo la ab = c limekufa, kwa hiyo ab = e, na mraba unatupa af = c.

Jambo la kushika: kisanduku kilichotutoa hapa ni kile ulichopewa mwanzo, ca = f. Ukikwama njia panda, usitafute msaada kwenye visanduku vipya tu. Rudi kwenye vile vya wino, kimoja bado hakijafanya kazi yake yote.

Halafu usichanganye namna mbili za mgongano. Mgongano ulioutafuta makusudi, kwa kusema "chukulia", unaua chaguo lile moja. Mgongano uliokuvamia bila wewe kuchukulia chochote una maana umekosea nyuma, na hapo ndipo karatasi ya pembeni inakuokoa: anza na mstari wa mwisho wenye nukta, panda juu.

## Hatua ya 6: Vuna

Sasa jedwali linafunguka kama wavu uliokatwa kamba.

Kwanza, ba = e. Katika kundi, xy = e ikipatikana basi na yx = e. Hii ndiyo sehemu pekee unayoruhusiwa kutumia kioo, na ruhusa yenyewe inatoka kwenye mabano: y(xy) = ye = y, na upande wa pili (yx)y. Kwa hiyo (yx)y = y = ey, na kwa kuwa wima wa y haurudii, yx ni e. Angalia jedwali la yule binti: da = e lakini ad = f. Ungekuwa na kanuni hii moja tu, ungelikamata kwa kuangalia e zinakaaje kuuzunguka mshazari.

Pili, bb = b(aa) = (ba)a = ea = a. Kwa hiyo bb = a.

Hayo ndiyo mabano ya mwisho. Yaliyobaki ni ya mraba, nayo yanakwenda mbio:

Mlalo wa b umebaki na c na d. Kisanduku bd hakiwezi kuwa d, hivyo bd = c na bf = d.

Wima wa a umebaki na c na d kwa da na fa. Mlalo wa d tayari una d, hivyo da = c na fa = d.

Wima wa b umebaki na c na f. Mlalo wa f tayari una f, hivyo fb = c na db = f. Hiki ndicho kile tulichokiona Hatua ya 4 kupitia d = cb. Njia mbili tofauti, jibu moja.

Wima wa d umebaki na a na e. Mlalo wa d una a tayari, hivyo dd = e na fd = a. Mwisho kabisa, df = b na ff = e.

```
    e a b c d f
e | e a b c d f
a | a b e d f c
b | b e a f c d
c | c f d e b a
d | d c f a e b
f | f d c b a e
```

Visanduku 21: sita vimetoka kwenye mabano (cf, dc, ad, ab, ba, bb), kumi na vitano kwenye mraba. Ukijikuta umeandika mistari ya mabano ishirini kwa jedwali la memba sita, umesahau kurudi kwenye mraba kati ya mstari na mstari. Ukijikuta hujaandika hata mmoja, umekisia.

## Hatua ya 7: Pima, bila kukesha

Kupima kanuni ya mabano kwa memba wote watatu watatu ni mara 216. Hakuna mwenye muda huo kwenye chumba cha mtihani. Habari njema ni kwamba inatosha kuweka katikati wale memba tu wanaozaa wengine wote. Hapa a na c wanatosha: b ni aa, d ni ac, f ni ca, e ni cc.

Kwa nini inatosha? Kama g na h wamefaulu kukaa katikati, zao lao gh nalo linafaulu. Fuata: (x(gh))y = ((xg)h)y = (xg)(hy) = x(g(hy)) = x((gh)y). Kila alama ya usawa imetumia g au h akiwa katikati, basi.

Kwa vitendo fanya hivi. Kuweka a katikati kuna maana kwamba mlalo wa xa ni sawa na mlalo wa x uliosomwa kwa mpangilio mpya wa wima. Mpangilio huo ni mlalo wa a wenyewe: a, b, e, d, f, c.

Jaribu x = c. Kisanduku ca ni f, kwa hiyo tunauangalia mlalo wa f: f, d, c, b, a, e. Sasa soma mlalo wa c ukifuata wima za a, b, e, d, f, c kwa zamu: f, d, c, b, a, e. Sawasawa.

Kwa c katikati, mpangilio ni mlalo wa c: c, f, d, e, b, a. Jaribu x = d. Kisanduku dc ni a, na mlalo wa a ni a, b, e, d, f, c. Soma mlalo wa d kwa mpangilio ule: a, b, e, d, f, c. Imekubali.

Ukiacha x = e, ambayo haihitaji kupimwa, ni mistari mitano kwa a na mitano kwa c. Jaribu kipimo hiki kwa jedwali la yule binti, x = c na a katikati. Mlalo wake wa a ni a, b, c, d, f, e. Ukiusoma mlalo wa c kwa mpangilio huo unapata f, d, e, b, a, c, na mlalo wa f ni f, d, e, b, a, c. Umepita! Lakini x = a unaanguka: aa ni b, mlalo wa b ni b, c, a, f, e, d, wakati mlalo wa a kwa mpangilio ule unasoma b, c, d, f, e, a. Ndiyo maana nasema yote kumi, siyo mmoja.

Kwa wapenda kushika kitu mkononi, kata pembetatu ya pande sawa kwenye boksi kuukuu, weka alama pembeni mwake mbele na nyuma. Acha a iwe kuizungusha theluthi moja ya duara, na c kuipindua kwa mhimili mmoja usiohama, huku xy ikiwa na maana "fanya y kwanza, kisha x". Memba wote sita wapo kwenye boksi hilo, na kila kisanduku unaweza kukipima kwa vidole. Ukiacha e mwenyewe, wale watatu wa kupindua, c, d na f, ndio wenye e kwenye mshazari.

## Pale ambapo jibu moja halipo

Kuna mwanafunzi atakayekuja na swali ambalo kila njia panda anajaribu chaguo zote mbili na zote zinapita. Asijilaumu kabla hajaangalia swali lenyewe.

Chukua swali letu ufute ca = f, ubaki na aa = b, ac = d na cc = e. Sasa majedwali matatu tofauti yanakubaliana na ulichopewa, na yote ni makundi halali. La kwanza ni lile tulilojaza. La pili ni la memba wanaobadilishana nafasi, ambapo a mara tatu ni e. La tatu nalo wanabadilishana nafasi, ila a mara tatu ni c, na a mwenyewe anazaa kundi zima. Kisanduku kimoja tu, ca = f, ndicho kilichoyaua hayo mawili. Swali la namna hiyo likija bila ca, jibu sahihi ni kuonyesha majedwali matatu, siyo kuchagua moja.

Lile la tatu ndilo nililowapa Jumamosi hii waende nalo nyumbani: aa = b, ac = d, cc = e, ab = c. Ukipata ff = d na bd = e, uko njiani vizuri.